Betri iliyozima mlimani, na grafu ya Ragone

Mwaka juzi karakana moja iliniletea pikipiki ya umeme yenye ugonjwa wa ajabu. Asubuhi inapanda mlima wa Pugu na abiria wawili bila shida. Jioni, mlima uleule na uzito uleule, inafika katikati inazima. Dereva anashuka, anasubiri kidogo, anawasha, inaondoka kama haikuwa na neno. Aliyeiunda aliniambia, "Fundi, seli nilizoweka ni zile zenye nishati nyingi kuliko zote sokoni, na kwenye kipimo bado zinaonyesha asilimia 30. Sasa kinachozima ni nini?"

Jibu lilikuwa kwenye grafu ambayo sisi wa betri huiona kila siku na mara nyingi tunaisoma vibaya. Ni ya David Ragone, aliyeitumia mwaka 1968 kulinganisha betri za magari ya umeme. (Jina hilo hutamkwa kama "Ragoni".) Mhimili mmoja unaonyesha nishati, yaani wati-saa katika kila kilo. Mwingine unaonyesha nguvu, yaani wati katika kila kilo. Mimi huweka nishati chini na nguvu wima. Wengine hugeuza, kwa hiyo kabla ya lolote soma maandishi ya mihimili. Skeli zote mbili ni za logariti: kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia, si nyongeza ya kumi. Ndiyo maana tofauti inayoonekana ndogo kwa jicho inaweza kuwa mara mbili au tatu.

Seli moja haiwi nukta kwenye grafu hii, huwa mstari. Ukiitumia polepole inakupa karibu nishati yake yote, nawe uko chini kulia. Ukiitaka itoe nguvu zaidi, unapanda juu, na kadiri unavyopanda ndivyo mstari unavyopinda kushoto, kwa sababu sehemu ya nishati inaishia kuwa joto ndani ya seli yenyewe. Mchora grafu akikuwekea nukta moja, muulize ilipimwa kwa mwendo gani. Wapo wanaochukua nishati ya mwendo wa polepole na nguvu ya mwendo wa kasi wakaziunganisha kwenye nukta moja, na seli hiyo haipo duniani.

Turudi kwenye pikipiki. Mezani nilikuwa na seli za aina mbili, zote za umbo la 18650, ukizishika huwezi kuzitofautisha. Ya kwanza, niiite A, ina ampea-saa 3.4, gramu 48, na ukinzani wa ndani niliopima ni kama miliomu 60. Ya pili, B, ina ampea-saa 2.5, gramu 45 na miliomu 22. Zote nazichukulia kuwa na wastani wa volti 3.6.

Tofauti yake ni unene wa tabaka zilizopakwa ndani. Fikiria daladala. Ukiziba mlango wa nyuma na kujaza viti, unabeba watu wengi, lakini kituoni wanashuka mmojammoja. Ukiongeza milango wanamwagika mara moja, ila kila mlango umekula viti. Seli A imepakwa tabaka nene juu ya karatasi chache za shaba na alumini, kwa hiyo ayoni zina safari ndefu. Seli B ina tabaka nyembamba na karatasi nyingi. Safari ni fupi, lakini shaba na alumini hazihifadhi nishati, zinachukua nafasi tu.

Mstari wa kila seli unaweza kuuchora mwenyewe kwa hesabu ya sekondari:

```
I = Q / t
E = Q × (V − I × R)
P = E / t
```

Chagua muda `t` wa kumaliza seli, kwa saa, upate mkondo, kisha nishati inayobaki baada ya ukinzani kula chake. Kwa mwendo wa polepole kabisa A inatoa wati-saa 12.2, ambazo ni 255 kwa kilo, na B inatoa 9, yaani 200 kwa kilo. Ukizimaliza kwa nusu saa, A inasukuma ampea 6.8 na inashuka hadi 226 kwa kilo. B inasukuma ampea 5 na inashuka kidogo tu, hadi 194. Kwa robo saa zimekaribiana: 197 na 188. Kwa dakika 10 B bado iko 182, wakati A ingetakiwa kusukuma zaidi ya ampea 20, na volti zake zingeanguka chini ya 2.5, pale ambapo seli inapaswa kuzimwa. Mistari imekutana mahali fulani kati ya robo saa na dakika 10.

Umeona nilichotumia kulinganisha ni muda. Nishati ukiigawa kwa nguvu unapata saa, na kwenye skeli za logariti kila muda unakuwa mstari wa mshazari. Grafu nzuri huichora: saa 10, saa moja, dakika 6, sekunde 36. Hii ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote. Chukua kazi yako, gawa nishati unayohitaji kwa nguvu unayohitaji, ufuate mshazari huo ukitokea kona ya chini kushoto. Seli ambayo mstari wake unakatwa mbali zaidi na kona ndiyo itakayokupa betri nyepesi kuliko nyingine kwa kazi hiyo.

Mwenye pikipiki alitaka kilowati-saa 2. Kwenye barabara tambarare ilikuwa inakula kilowati 1.2, ambao ni mshazari wa saa moja na dakika 40, na hapo A inashinda bila ubishi. Mlimani ilikuwa inakula kilowati 4, mshazari wa nusu saa. Kwa hesabu yangu hapo juu A bado inashinda hata hapo, na ndivyo naye alivyoona. Akaunganisha seli 180, ishirini mfululizo na tisa sambamba, seli peke yake kilo 8.6. Mpaka hapo siwezi kumlaumu.

Kosa lilikuwa kwenye ncha ya mstari. Hesabu ya ukinzani inaruhusu A iendelee kupanda, lakini mtengenezaji wa seli ile anaruhusu ampea 6.8 tu, kwa sababu ya joto na umri. Kwa hiyo mstari halali wa A unaishia kwenye wati 452 kwa kilo, papo hapo kwenye nusu saa. Pikipiki mlimani ilihitaji 4000 gawanya kwa 8.6, karibu 465. Nukta yake ilikuwa nje ya mstari, kwa kiasi ambacho kwenye skeli ya logariti huwezi kukiona bila rula. Grafu nyingi za mtandaoni huchora mawingu ya rangi badala ya mistari yenye ncha, na jambo kama hili hupotelea humo.

Lakini kwa nini asubuhi ipande? Hapa Ragone inafika mwisho wa uwezo wake. Grafu inachukulia kwamba unatoa nguvu ileile tangu seli imejaa hadi imeisha, ilhali mlima ni dakika moja au mbili. Kontrola ya mota inadai wati, haijali ampea. Seli ikiwa imejaa, volti ziko kama 4.1, na wati 22 zinazodaiwa kwa kila seli zinapatikana kwa karibu ampea 6. Jioni, volti zikiwa 3.5, wati zilezile zinahitaji ampea 7.2, na betri nzima inatoa ampea 65. Saketi ya kinga ilikuwa inakata kwenye 70, kwa hiyo pikipiki ikiwa mpya ilipita. Baada ya mwaka nilipima tena ukinzani nikakuta umefika kama miliomu 90. Kwa ukinzani huo mlima wa jioni unataka ampea 8 kwa seli, 72 kwa betri, na kinga inakata. Dereva akisubiri, kinga inajifungua na volti zinapanda kidogo, anaondoka. Unaweza kuutambua ugonjwa huu bila kufungua betri: pikipiki ikizima mlimani tu, na chaji ikiwa imeshuka tu, tazama ampea na volti wakati wa kuzima. Volti za seli zikiwa bado ziko juu ya 2.5 huku ampea ziko kwenye kikomo cha kinga, betri haijaisha. Imedaiwa kupita ncha yake.

Kulikuwa na njia mbili. Kutumia B: seli 220, kilo 9.9, zikidaiwa wati 404 kwa kilo wakati mstari wake, kwa seli inayoruhusiwa ampea 20, unafika 1,400. Au kubaki na A lakini kuongeza seli sambamba, kutoka tisa hadi kumi na mbili: kilo 11.5, wati 348 kwa kilo, nukta imeingia ndani ya mstari. Kwa drili ya umeme ningechukua B bila kufikiri, kwa sababu kazi yake ni ya dakika chache. Kwa bodaboda nilichagua A kumi na mbili, maana sanduku lilikuwa na nafasi na dereva analipwa kwa kilomita.

Familia nyingine zisome kwa mshazari uleule. Supakapasita ya faradi 3000 na volti 2.7 ina wati-saa 3 tu ndani ya nusu kilo, yaani 6 kwa kilo, lakini ukinzani wake ni chini ya miliomu 0.3, na inatoa wati maelfu kwa kilo. Inastahili pale kazi inapokwisha kwa sekunde. Kwa mlima wa dakika mbili ni mzigo. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 7 imepewa namba hiyo kwa kumalizwa kwa saa 20. Imalize kwa saa moja utapata kama asilimia 60 tu. Mstari wake unapinda mapema sana.

Jambo la mwisho ni kilo zenyewe. Grafu za maabara mara nyingi hugawa kwa uzito wa unga unaofanya kazi peke yake, bila karatasi za chuma, kimiminika wala ganda. Mwaka 2011 watafiti Gogotsi na Simon walionyesha kwamba katika supakapasita za kibiashara kaboni ni kama asilimia 30 ya uzito wote, kwa hiyo namba ya maabara inabidi uigawe kwa 3 au 4, na kwa tabaka nyembamba sana zaidi ya hapo. Mimi mwenyewe hapa nimehesabu seli tupu. Sanduku, nyaya na kinga ya pikipiki ile vilikuwa vizito kiasi cha kushusha namba zangu zote.

Kinga mpya tuliiweka kwenye ampea 80, kwa kuwa seli kumi na mbili zinaruhusu hadi 81. Hata ukinzani ukifika tena miliomu 90, mlima wa jioni utahitaji ampea 67.