Pumu: inhela ya kutuliza na inhela ya kuzuia zinavyotofautiana

Mgonjwa wa pumu anapobanwa, analalamika kwamba hewa haiingii. Ukweli ni kwamba shida yake kubwa iko kwenye kuitoa. Mapafu yake yamejaa hewa iliyokwama humo, na kwa kuwa ya zamani haijatoka, mpya haina pa kuingia. Ndiyo maana ule mluzi wa kifuani husikika zaidi anapopumua nje, na ndiyo maana mtu aliyebanwa sana hukaa ameinama mbele, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka.

Hewa inakwamia kwenye mirija midogo inayoisambaza ndani ya mapafu. Kila mrija una ngozi laini kwa ndani, na kwa nje umezungukwa na misuli. Mwenye pumu ana mirija ambayo ngozi yake ya ndani imevimba na kuwa nyepesi kuchokozeka, hata siku anazojisikia mzima kabisa. Uvimbe huo hauumi wala hauonekani, unakaa tu. Kikija kichokozi kama moshi, vumbi, mafua au baridi ya alfajiri, misuli inakaza ghafla, ngozi inavimba zaidi, na ute mzito unaziba kiasi kidogo cha nafasi kilichosalia. Baada ya muda au baada ya dawa mirija hufunguka, mtu akapumua vizuri. Kuja na kuondoka huku ndiko kunakoitofautisha pumu na magonjwa mengine ya kifua. Kifua kikuu, kwa mfano, hakimwachii mtu wiki mbili za uzima halafu kikarudi usiku wa manane na mluzi.

Kwa hiyo ndani ya kifua kimoja kuna mambo mawili: misuli inayokaza kwa dakika, na uvimbe unaokaa kwa miezi. Inhela ni aina mbili kwa sababu hiyo.

Inhela ya kutuliza, ambayo wengi tunaijua kwa rangi yake ya bluu, kwa kawaida ina salbutamoli. Inailegeza misuli. Ukiivuta vizuri, kifua huanza kufunguka ndani ya dakika chache, na nafuu hukaa saa 4 hadi 6. Mikono inaweza kutetemeka kidogo na moyo kwenda mbio, kisha hali hiyo hupita. Lakini uvimbe haiugusi. Dawa ikiisha nguvu, ngozi ya mrija iko vilevile ilivyokuwa, inasubiri kichokozi kingine.

Inhela ya kuzuia, mara nyingi ya kahawia, ina dawa ya jamii ya steroidi, kama beklometasoni au budesonidi. Hii ndiyo inayopunguza uvimbe. Huvutwa kila siku, kwa kawaida asubuhi na jioni, uwe umebanwa au hujabanwa. Haifungui kifua hapo hapo. Nafuu huanza kuonekana baada ya siku kadhaa hadi wiki moja au mbili, na huendelea kuongezeka kwa wiki nyingi. (Rangi isikudanganye: viwanda havifanani, kwa hiyo soma jina la dawa kwenye kopo.)

Mimi natoa dawa mjini Tabora, na hapa ndipo wagonjwa wengi wanaposhindwa kunielewa kuliko mahali pengine popote. Kuna mama mmoja mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Urambo. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akija kununua ya bluu. Siku moja nikamuuliza, "Mama, kopo hili unalimaliza kwa muda gani?"

"Mwezi haufiki, mwanangu. Kipindi cha kukausha tumbaku kwenye mabani ndiyo kabisa."

Kopo la kawaida la salbutamoli lina mipulizo 200. Ukiimaliza kwa siku 25, umevuta mipulizo 8 kwa siku, kila siku. Kwa mtu ambaye pumu yake imedhibitiwa, ya bluu haihitajiki zaidi ya mara mbili kwa wiki, na haamki usiku kwa kubanwa. Yeye alikuwa anaamka karibu kila usiku, saa tisa au saa kumi, na aliona ni kawaida kwa sababu ya bluu ilikuwa chini ya mto na ilimsaidia.

Kumsaidia huko ndiko kunakonitisha. Kila mpulizo unampa nafuu ya kweli, kwa hiyo haoni sababu ya kutafuta kitu kingine, na huku uvimbe unaongezeka. Halafu mwili unaotumia salbutamoli mfululizo huizoea, na nafuu inapungua. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule wa GINA, unasema mtu anayemaliza makopo matatu au zaidi ya ya bluu kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio kali, na akifikia kumi na mawili hatari ya kufa inaongezeka. Mama yule alikuwa amepita hapo.

Nilimpeleka kwa daktari, akaandikiwa beklometasoni ya mikrogramu 100, mipulizo miwili asubuhi na miwili jioni. Baada ya siku chache akanirudishia kopo. "Hii haina nguvu. Nimeivuta nilipobanwa, sikuona kitu." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana hakuna aliyemkalisha akamweleza kwamba siku ya kubanwa ya kahawia haimwokoi mtu. Kubanwa ni kazi ya bluu. Ya kahawia anaivuta asubuhi akiwa mzima, ili usiku asiamke.

Neno steroidi nalo lilimtia hofu, kwani jirani yake alivimba uso kwa vidonge vya prednisoloni alivyokuwa anajinunulia dukani kila akibanwa. Hesabu yake ni rahisi kuionyesha. Mipulizo minne kwa siku ni mikrogramu 400. Dozi ya vidonge ambayo mtu mzima hupewa akipata shambulio kali inaweza kufika miligramu 40 kwa siku. Ukilinganisha kwa uzito, kiasi cha vidonge ni mara mia, na kinapita mwili mzima kabla ya kufika kifuani. Cha kuvuta kinatua kwenye mirija yenyewe. Madhara yake ya kawaida yako mdomoni na kooni: sauti kukwaruza, au utando mweupe wa fangasi kwenye ulimi. Sukutua maji na uyateme kila ukimaliza kuvuta, na madhara hayo yatapungua sana.

Nilipomwomba anionyeshe anavyovuta, aliweka kopo mdomoni, akabonyeza mara mbili kwa haraka, ndipo akavuta pumzi. Dawa yote iliishia kwenye ulimi. Kosa hili nalikuta hata kwa watu waliotumia inhela kwa miaka. Tikisa kopo kwanza. Toa pumzi yote. Fumba midomo kuzunguka mdomo wa inhela, anza kuvuta pumzi polepole, na wakati huo huo bonyeza mara moja, uendelee kuvuta hadi mapafu yajae. Zuia pumzi hadi hesabu ya kumi. Subiri kama nusu dakika kabla ya mpulizo wa pili, na utikise tena.

Anayeshindwa kulinganisha kubonyeza na kuvuta, na watoto wote, wanahitaji chombo cha kati kinachopokea dawa kabla haijavutwa. Kama hakipo dukani, chupa safi ya plastiki ya nusu lita inafaa. Toboa kitako chake tundu linalolingana kabisa na mdomo wa inhela, ingiza inhela na uzibe pembeni kwa gundi au plasta ili hewa isivuje. Mgonjwa anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa, unabonyeza mara moja, naye anapumua ndani na nje polepole mara tano hivi. Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kwa watoto waliobanwa chupa ya namna hii ilifanya kazi sawa na chombo cha kununua.

Wiki kadhaa baadaye mama alinieleza kwamba analala hadi kunakucha. Ya bluu bado anayo, ila sasa kopo halimwishii kabla ya mwezi. Hata hivyo ya kahawia haimpi ruhusa ya kukaa kwenye moshi. Bani la tumbaku linachochewa moto usiku na mchana kwa karibu wiki nzima, na baadaye kunafuata vumbi la kupanga majani kwa madaraja. Zamu ya kuchochea sasa wanaishika vijana wake. Na asipunguze wala kuacha ya kahawia kwa sababu tu amepona kifua. Anapumua vizuri kwa kuwa anaivuta. Dozi hupunguzwa na daktari, taratibu, baada ya miezi ya utulivu.

Ipo pia inhela inayounganisha kazi zote mbili, yenye budesonidi na formoteroli. Formoteroli hulegeza misuli haraka kama salbutamoli, na kila mpulizo unakuja na dawa ya uvimbe ndani yake. Tangu mwaka 2019 GINA haishauri tena mtu mzima au kijana wa kuanzia miaka 12 kutibiwa kwa ya bluu peke yake, na inhela hii ya pamoja ndiyo inayoipendelea. Tatizo ni bei na upatikanaji. Usipoipata, bluu pamoja na kahawia ya kila siku inabaki tiba nzuri kabisa.

Kuna siku shambulio litakuja hata kwa aliyefuata kila kitu. Mgonjwa anayeshindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, ambaye midomo yake inageuka rangi, ambaye anasinzia au kuchanganyikiwa, yuko hatarini. Na kama mluzi umenyamaza ghafla huku bado anahangaika kupumua, usifurahi: hewa inayopita imekuwa ndogo mno hata kutoa sauti. Mkalishe wima, asilale. Mpe ya bluu kupitia chupa, mpulizo mmoja mmoja, kuanzia minne hadi kumi, na urudie kila baada ya dakika 20 mkiwa njiani kwenda hospitali. Usafiri uutafute mara tu unapoona dalili hizo, usisubiri kuona kama dawa itashika. Beba makopo yake yote, na umwambie atakayewapokea amevuta mipulizo mingapi na tangu saa ngapi, kwa sababu dozi inayofuata ataipanga kwa kutazama hayo.