"Wateja Wakizidi Nitaajiri": Dhana Inayowaponza Wengi

Wanaokuja kwangu kutaka ushauri wa biashara husema maneno yaleyale: "Kwa sasa niko peke yangu, wateja wakizidi nitaajiri." Nimechoka kuyasikia. Wateja wakizidi, maana yake ni kwamba umeelemewa, na pengine kwamba bei yako iko chini mno. Kama kazi yenyewe inaweza kumbeba mtu wa pili, hilo ni suala jingine kabisa.

Chukua fundi wa magauni ya sherehe. Gauni analiuza 100, kwa sarafu yoyote utakayo. Kitambaa na uzi vinakula 30, naye anakaa saa 5 kwenye cherehani. Ile 70 inayobaki anaiita faida, kumbe ni ujira wake mwenyewe. Anamchukua fundi mwenzake kwa 50 kila gauni, maana mwenye mkono mzuri hakubali chini ya hapo. Kwa magauni 20 kwa mwezi, kwake zinabaki 400. Lakini wateja wanataka kupimwa na yeye, mishono haifanani, na kila gauni lazima alikague. Hiyo ni saa 1 kwa gauni, jumla saa 20, ambazo angeshona magauni yake 4 na kupata 280. Mawili yakiharibika, kitambaa kingine cha 60. Mkononi zimebaki 60, na cherehani ya pili bado hajainunua.

Fundi huyohuyo akishika oda za sare za kazi, hesabu inageuka. Saizi ni chache, na karatasi moja ya kukatia inatumika tena na tena. Mmoja anakata, mwingine anaunganisha, wa tatu anatia vifungo. Mnunuzi hana habari nani kashona. Faida ya sare moja ni ndogo, ila haimli mwenye biashara saa nzima.

Kabla ya kuajiri, nawasisitizia jambo moja: andika hatua za kazi, mpe mtu oda mbili tatu kwa malipo ya kipande, kisha kaa mbali. Akikuita kila hatua, wanachonunua wateja ni wewe.

Wengine hudhani kubaki peke yako ni kushindwa. Si kweli. Fundi wa magauni apandishe bei na achague oda. Kikomo chake ni saa zake na afya yake, kwa hiyo aweke akiba ya siku za kuugua.

Na wale wanaoajiri ili wapumzike? Utaacha kushona, uanze kutafuta oda, kukagua na kusuluhisha ugomvi. Ukishatoka kwenye malipo ya kipande ukaingia kwenye mshahara, mwezi mbaya nao unadai mshahara uleule.