Kujumlisha kila mstari wa tatu kwa MOD na SUMPRODUCT, na kujua fomula inapokudanganya

Kwenye dawati letu la takwimu hupokea majedwali mengi ya Excel yaliyopangwa kwa mtindo mmoja unaosumbua: taarifa tatu tofauti zimerundikwa ndani ya safu moja, moja chini ya nyingine, kisha mzunguko unaanza upya. Mtunza ghala anaandika makasha yaliyoingia, chini yake yaliyotoka, chini yake tena yaliyobaki, halafu anahamia wiki inayofuata. Safu A ina namba ya wiki tu, nayo imeandikwa mara moja ndani ya seli tatu zilizounganishwa. Hakuna neno "yaliyotoka" popote ambalo fomula ingeweza kulishika. Kinachotofautisha taarifa moja na nyingine ni mahali ilipokaa.

Tuchukue jedwali la namna hiyo la wiki nne. Kichwa kiko mstari wa 4, takwimu zinaanzia B5 hadi B16. Wiki ya kwanza ina 120, 85 na 35. Ya pili ina 90, 70 na 55. Ya tatu 60, 95 na 20. Ya nne 110, 80 na 50. Tunataka jumla ya makasha yaliyotoka, yaani 85, 70, 95 na 80. Kwa mkono ni 330. Kwa wiki nne unaweza kubofya seli moja moja, lakini jedwali likifika mistari mia sita hutaki kufanya hivyo, na ukifanya utaruka mmoja.

MOD hutoa baki ya mgawanyo. Ukigawa 7 kwa 3 unapata 2 na baki ni 1, kwa hiyo `MOD(7,3)` ni 1. Namba zikifuatana, baki zake zikigawiwa kwa 3 huzunguka 0, 1, 2, 0, 1, 2 bila kukoma, na mzunguko huo ndio tunaoutafuta. `ROW` nayo hutupa namba ya mstari. SUMPRODUCT huzidisha orodha mbili seli kwa seli kisha hujumlisha majibu, na hufanya hivyo kwa eneo zima bila kukulazimisha kubonyeza Ctrl+Shift+Enter kwenye matoleo ya zamani ya Excel. Watu wengi huanza hivi:

```
=SUMPRODUCT((MOD(ROW(B5:B16),3)=0)*B5:B16)
```

Sehemu ya mabano inauliza kila mstari swali moja: je, namba yako inagawanyika kwa 3 bila baki? Jibu ni TRUE au FALSE. Likizidishwa kwa namba, TRUE huhesabiwa 1 na FALSE huhesabiwa 0, hivyo mistari isiyotakiwa inageuka sifuri na iliyotakiwa inabaki na thamani yake. Mistari ya 6, 9, 12 na 15 inapita, na jibu ni 330. Sahihi kabisa, ila kwa bahati.

Nasema kwa bahati kwa sababu `ROW` haijui takwimu zako zinaanzia wapi. Inahesabu kutoka juu kabisa ya ukurasa. Yaliyotoka yameangukia namba zinazogawanyika kwa 3 kwa kuwa tu kichwa kiko mstari wa 4. Sasa mtu anafungua faili na kuongeza mstari mmoja juu ili aandike jina la ripoti. Takwimu zinashuka hadi B6:B17, na fomula inajirekebisha yenyewe kufuata eneo hilo. Sharti la baki sifuri halibadiliki. Mistari ya 6, 9, 12 na 15 bado ndiyo inayopita, ila sasa imebeba 120, 90, 60 na 110. Jibu linakuwa 380. Hakuna alama nyekundu wala onyo, na 380 ni namba ya kawaida kabisa kwa macho ya msomaji. Kosa la namna hii niliwahi kulipitisha mimi mwenyewe kwenye ripoti ya mwezi, na aliyeligundua ni mtu aliyekuwa na karatasi za awali mkononi.

Tiba ni kuhesabu kutoka mstari wa kwanza wa takwimu, si kutoka juu ya ukurasa:

```
=SUMPRODUCT((MOD(ROW(B5:B16)-ROW(B5),3)=1)*B5:B16)
```

Kutoa `ROW(B5)` kunafanya mstari wa kwanza wa takwimu uwe 0, wa pili 1, wa tatu 2, na kadhalika. Yaliyoingia yana baki 0, yaliyotoka baki 1, yaliyobaki baki 2. Ongeza mistari kumi juu ukitaka. Vipande vyote viwili vya fomula vinashuka pamoja na tofauti yao haibadiliki. Mtu akifuta mstari wa 5 wenyewe utaona `#REF!`, nami napenda hivyo. Afadhali fomula ipige kelele kuliko kutoa namba ya uongo kwa utulivu.

Kwa mistari ya kupishana weka 2 mahali pa 3: baki 0 inachukua mstari wa kwanza, wa tatu, wa tano, baki 1 inachukua wa pili, wa nne, wa sita. Kila mstari wa saba? Weka 7, na sharti liwe baki 6, kwa kuwa tunaanza kuhesabu kwenye sifuri. Hapo ndipo wengi hujikwaa: wanaandika 7, sharti hilo halitimii kamwe, nao wanapata sifuri. Kama kompyuta yako imewekwa kwa desturi ya kutumia mkato kwenye desimali, ndani ya fomula utatumia nuktamkato kutenganisha vipande. Katika LibreOffice Calc na Google Sheets fomula ni ileile.

Ukitaka kuona fomula inavyofikiri, ingia ndani ya seli, chagua kipande cha `MOD(ROW(B5:B16)-ROW(B5),3)=1` peke yake na ubonyeze F9 ndani ya Excel. Utaona mfululizo wa FALSE, TRUE, FALSE ukijirudia. Ukishatosheka bonyeza Esc. Ukibonyeza Enter, mfululizo huo utabaki ndani ya fomula kama maandishi yaliyoganda, na hesabu haitafuata tena jedwali.

Tatizo la pili liko kwenye alama ya nyota. Tuseme wiki ya tatu hakukuwa na kilichoingia, na mwandishi akaweka neno "hakuna" badala ya 0. Fomula yetu nzima inageuka `#VALUE!`, ingawa neno hilo liko kwenye mstari ambao hatuujumlishi. Sababu ni kwamba nyota huzidisha kila mstari kwanza, hata ule wa sifuri, na sifuri mara neno haina jibu. Ndiyo maana utawaona wataalamu wakiandika kwa mkato badala ya nyota:

```
=SUMPRODUCT(--(MOD(ROW(B5:B16)-ROW(B5),3)=1),B5:B16)
```

Alama mbili za kutoa hugeuza TRUE na FALSE kuwa 1 na 0, na SUMPRODUCT ikipewa orodha mbili zilizotenganishwa kwa mkato huhesabu maandishi yote kuwa sifuri. "Hakuna" haisumbui tena. Lakini umebadilisha tatizo moja kwa jingine. Takwimu zilizonakiliwa kutoka mfumo mwingine mara nyingi huwa na namba zilizohifadhiwa kama maandishi: jichoni ni 95, kwa Excel ni herufi mbili. Nyota ingeigeuza kuwa namba na kukupa 330. Mkato unaihesabu sifuri na kukupa 235, tena kimyakimya. Kwa hiyo kabla ya kuhamia kwenye mkato mimi huuliza kwanza eneo hilo lina maandishi mangapi:

```
=SUMPRODUCT(--ISTEXT(B5:B16))
```

Likirudi 0, tumia utakayo. Likirudi 1 au zaidi, tafuta seli hizo kwanza. Kama hukuwahi kubadilisha mpangilio wa seli, namba halisi hukaa upande wa kulia na zile za maandishi hujibana kushoto, na kwa kawaida Excel huweka pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya seli. Hitilafu kama `#N/A`, hata ikiwa moja tu kwenye mstari usiotakiwa, huangusha fomula zote mbili. Hiyo irekebishe pale ilipo.

Kuna jambo ambalo fomula hizi haziwezi kulitibu. Mtu anaongeza mstari katikati, mathalani wa maelezo chini ya 90 ya wiki ya pili, na seli yake ya B inabaki tupu. Kuanzia hapo kila kitu kimesogea nafasi moja. Baki 1 sasa inaokota 85, seli tupu, 60 na 110, jumla 255. Wapo wanaojilinda kwa kuhesabu jumla ya baki 0, ya baki 1 na ya baki 2 kisha kuona kama zikiunganishwa zinalingana na SUM ya eneo zima. Ukaguzi huo haufai hapa. Jumla kuu itabaki 870 hata mistari ikisogea, kwa sababu kila namba bado imehesabiwa mara moja, ila ndani ya kapu lisilo lake. Ukaguzi unaoshika kosa ni ule unaotokana na maana ya takwimu zenyewe. Kama ghala lilianza tupu, yaliyoingia kutoa yaliyotoka lazima yawe sawa na yaliyobaki ya mwisho: 380 kutoa 330 ni 50, na mstari wa mwisho unasema 50. Baada ya ule mstari wa katikati, baki 0 inatoa 335, baki 1 inatoa 255, tofauti ni 80. Hapo unajua mpangilio umevunjika.

Kupanga upya safu kwa ukubwa kunavunja mambo vilevile, na ukichuja jedwali, mistari iliyofichwa bado inahesabiwa.

Jedwali likiwa la kutumika muda mrefu na watu wengi, mimi hutumia MOD mara moja tu, siku ya kwanza. Katika C5 naandika `=MOD(ROW()-ROW($B$5),3)` na kuivuta hadi C16, nanakili safu hiyo na kuibandika papo hapo kama thamani, ili fomula zitoke na zibaki 0, 1 na 2 tupu. Kuanzia hapo hesabu ni hii:

```
=SUMIF(C5:C16,1,B5:B16)
```

Kila namba sasa inatembea na alama yake. Mstari wa maelezo ukiingizwa katikati, seli yake ya C inakuwa tupu na hauhesabiwi, na jibu linabaki 330. Ukisahau kubandika kama thamani, MOD zitajihesabu upya na mistari yote iliyo chini ya nyongeza itapata alama ya jirani yake.