Ukipunguza modeli itoshee simu, ile pasenti moja inapotelea wapi?

Hapa Kisumu tukikaa kuongea modeli za simu, swali la kwanza huwa imebaki MB ngapi. Mimi huuliza imepoteza nini. Nashughulika na apu ya kutambua magonjwa ya mahindi kwa picha ya jani, ya wakulima wa Kakamega na Bungoma, na huko simu nyingi ni za bei ya chini na bando ni ya kuhesabu, kwa hivyo modeli lazima ikae ndani ya simu yenyewe.

Modeli kubwa, yaani mwalimu, ni ResNet-50. Kwa muundo wake wa kawaida ina paramita kama milioni 25.6, na kila moja ikiwa baiti 4 hiyo ni karibu MB 100. Mwanafunzi, yaani modeli ndogo ya kwenda kwenye simu, ni MobileNetV2, paramita kama milioni 3.5, MB 14 hivi. Sasa ukimfundisha mwanafunzi na lebo peke yake, anaambiwa tu "huu ni ugonjwa wa milia", basi. Mwalimu anajua zaidi ya hapo. Tuseme kwa picha moja ametoa alama 6 kwa milia, 4 kwa MLN, ule ugonjwa wa virusi unaoua mahindi, na 0 kwa jani lisilo na ugonjwa. Ukizigeuza kuwa uwezekano unapata karibu 88%, 12% na 0.2%. Ile njia ya Hinton, Vinyals na Dean ya 2015 inasema gawanya alama zote kwa namba T kwanza, na T ikiwa 4 unapata kama 55%, 33% na 12%. Hapo sasa mwanafunzi anaona wazi kwamba hili jani ni la milia lakini linakaribiana na MLN, na hiyo habari haiko kwenye lebo kabisa.

```python
loss = a * T**2 * F.kl_div(
    F.log_softmax(s / T, dim=1),
    F.softmax(t / T, dim=1),
    reduction="batchmean"
) + (1 - a) * F.cross_entropy(s, y)
```

`s` ni alama za mwanafunzi, `t` za mwalimu, `y` ni lebo, na `a` ni uzito wa sehemu ya mwalimu. Usisahau `T**2`, kwa sababu kugawanya kwa T kunafifisha gradienti za sehemu ya mwalimu kwa kiasi hicho hicho, na ukiiacha mwanafunzi atasikiliza lebo zaidi kuliko mwalimu.

Baada ya hapo ndio napogoa, yaani natoa sehemu za modeli zisizosaidia sana. Watu wengi wanaweka sifuri kwenye paramita ndogo ndogo halafu wanashangaa mbona simu haijaongeza spidi, na ni kwa sababu simu inaendelea kuzidisha hizo sifuri kama kawaida, labda faili ndio itapungua ukiizipu. Mimi natoa filta nzima. Tabaka la kawaida lenye filta 64 likibaki na 48, na lile linalolitangulia pia limepunguzwa hivyo, hesabu inashuka hadi 0.75 × 0.75, karibu 56% ya ile ya mwanzo. Natoa kidogo, nafundisha tena mwalimu akiwa bado yuko, napima, ndio natoa tena.

Kupima ndio kazi yenyewe. Chukua mfano wa picha 1,000 za majaribio, 50 kati yake zikiwa za MLN. Mwalimu amepata 940, mwanafunzi aliyepogolewa 930, mtu anasema tumepoteza pasenti moja tu, tuachilie apu. Fungua hizo namba kwa kila ugonjwa: MLN mwalimu alipata 45 kati ya 50, mwanafunzi 36. Yaani kati ya zile 10 zilizopotea, 9 ni za MLN, kutoka 90% hadi 72%! Na huu ndio ugonjwa ulioripotiwa Bomet 2011, ule ambao mkulima anafaa kung'oa mmea na asirudishe mahindi kwa hilo shamba msimu unaofuata. Kumwambia ni milia ni kumuumiza.

Ndio maana natazama picha moja moja, mwalimu amepata na mwanafunzi amekosa, halafu kinyume chake. Zikiwa 9 kwa 0 hiyo si bahati mbaya ya sampuli. Zikiwa 5 kwa 4 modeli zinabadilishana tu makosa. Na picha za majaribio zitoke mashamba ambayo hayakutumika kufundisha kabisa, maana majani ya shamba moja yakigawanyika pande zote mbili utapata namba tamu za uongo.

MLN ikianguka hivyo narudisha filta nilizotoa mara ya mwisho, naongeza uzito wa MLN kwa `cross_entropy`, nafundisha tena. Halafu napima upya ndani ya simu, zile zile 1,000, kwa sababu apu ikipunguza picha kwa njia tofauti na ya kompyuta au ikibadilisha mpangilio wa rangi, majibu yanabadilika na modeli haijaguswa. Nikiona kompyuta na simu zimetofautiana kwa picha nyingi, naanzia kukagua jinsi apu inavyoandaa picha kabla sijamlaumu mwanafunzi.