Kusoma Tyubu ya Krimu ya Mtoto Kabla ya Kuipaka Chini ya Nepi

Wazazi wengi wa Moshi wanaotutumia picha za krimu kwenye kliniki ya ngozi hupiga upande wa mbele wa tyubu, wenye jina la biashara, kisha huuliza kama inafaa kwa upele wa nepi. Upande huo hauna jibu. Krimu ya zinki oksaidi na krimu ya steroidi kali, yaani dawa ya kuzima wekundu na uvimbe wa ngozi, zote zinaweza kuwa nyeupe na kuuzwa katika tyubu ndogo za ukubwa mmoja, na picha ya mtoto anayecheka kwenye boksi imewekwa na mwenye biashara, si na daktari.

Jibu limeandikwa ubavuni kwa herufi ndogo, chini ya neno "Composition" au maneno "Each gram contains". Mzazi aipige picha sehemu hiyo karibu na dirisha, flashi ikiwa imezimwa, kwa sababu tyubu ya bati hung'aa na kufuta maandishi. Picha yenye ukungu ina hatari yake, kwani "Clobetasol" na "Clotrimazole" huanza kwa herufi zilezile, ilhali ya kwanza ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka na ya pili ni dawa ya fangasi.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miezi mitano, unaofanana na wengi tunaowaona, hasa msimu wa baridi wa Juni na Julai ambapo watoto hufunikwa sana na nepi hukaa muda mrefu bila kubadilishwa. Mama alinunua krimu dukani bila kuandikiwa, na upele ukatulia ndani ya siku mbili. Alipoacha kupaka, ulirudi ukiwa umeenea zaidi, naye akanunua tyubu nyingine. Ubavuni palisomeka "Betamethasone 0.05%", "Clotrimazole 1%" na "Gentamicin 0.1%", yaani steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki katika tyubu moja. Betamethasoni ndiyo iliyozima wekundu upesi, lakini mkojo na kinyesi vinavyochubua ngozi vilibaki palepale, na steroidi hiyohiyo hudhoofisha kinga ya ngozi dhidi ya fangasi.

Namba 0.05 isimdanganye mtu. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni steroidi hafifu, ambayo daktari anaweza kuiruhusu kwa siku chache, ilhali klobetasoli ya asilimia 0.05 ni kali kuliko hiyo mara nyingi sana. Kinachopimwa ni jina kwanza, na majina yanayoishia na "-sone" au "-olone", pamoja na "Clobetasol" lenyewe, yamtie mzazi shaka. Chini ya nepi hatari huongezeka, kwa kuwa ngozi ya mtoto ni nyembamba na nepi huibana dawa hadi ikapenya zaidi mwilini. Ikitumika kwa majuma mengi, ngozi hukonda na kupauka, na mtoto anaweza kuvimba uso na kunenepa huku urefu wake ukidumaa, jambo ambalo kwa bahati mbaya jirani husifia kuwa ni afya.

Tyubu ya zinki huandikwa "Zinc Oxide", mara nyingi kati ya asilimia 10 na 40. Krimu yake ni nzito, hubaki nyeupe juu ya ngozi na haitoki kirahisi kwa maji, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia unyevu usiiguse ngozi. Ipakwe kwa tabaka nene baada ya kuosha na kukausha bila kusugua. Wakati wa kubadilisha nepi ondoa kinyesi tu, usikwangue krimu yote. Kalamini ni dawa ya majimaji yenye rangi ya waridi, inayotikiswa kabla ya kupakwa. Hutuliza muwasho, kwa mfano wa tetekuwanga, lakini hukausha ngozi, hivyo haifai kwenye matako yaliyochubuka.

Picha ya upele nayo ipigwe kabla ya kupaka chochote, ikionyesha mikunjo ya mapaja, na itumwe kwa mhudumu peke yake, si kwenye kundi la akina mama. Upele wa mkojo hukaa panapogusana na nepi na kuiacha mikunjo; fangasi huingia mikunjoni na kutawanya vipele vidogo pembezoni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kama zambarau au kahawia, kwa hiyo mahali ulipo upele huaminika kuliko rangi yake pichani. Mtoto wa mfano wetu alikuwa na vipele hivyo vya pembezoni, naye baada ya kupimwa akapewa klotrimazoli pekee, na zinki juu yake.

Zinki isipoleta nafuu ndani ya siku tatu, mtoto apelekwe kliniki. Aliyepakwa steroidi kwa majuma kadhaa asiachishwe ghafla nyumbani, kwa sababu tezi zake zinaweza kuwa zimepunguza kutengeneza homoni yake ya asili. Apelekwe pamoja na tyubu yenyewe, na akilegea, akitapika au akiwa na homa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.