Hesabu Tatu za Mawimbi Katika Chati Moja ya Bitkoini

Tarehe 10 Novemba 2021 bei ya bitkoini ilifika karibu dola 69,000 za Marekani, na ikawa kilele kipya cha wakati huo. Kwa sisi tunaochambua chati, siku hiyo ni mahali pazuri pa kupimia madai ya wahesabu mawimbi, yaani wanaotabiri bei kwa kuigawanya safari yake katika mawimbi yenye namba, kwa sababu yaliyofuata yanajulikana na kanuni za mbinu yao hazijabadilika. Ninataka kuonyesha kwamba chati hiyohiyo moja ilikubali hesabu zinazopingana, zote zikiwa halali kabisa kwa kanuni.

Mbinu yenyewe iliasisiwa na Ralph Nelson Elliott, mhasibu wa Kimarekani, katika miaka ya 1930. Alidai kwamba bei inayofuata mwelekeo wake mkuu husafiri kwa mawimbi matano: la 1, la 3 na la 5 hufuata mwelekeo, la 2 na la 4 hurudi nyuma. Baada ya hapo huja masahihisho, yaani mwendo wa kurudi kinyume cha mwelekeo huo, ambayo kwa kawaida huwa na mawimbi matatu yanayoitwa A, B na C. Kanuni zisizovunjwa ni tatu tu. Wimbi la 2 lisishuke chini ya mwanzo wa wimbi la 1. Wimbi la 3 lisiwe fupi kuliko la 1 na la 5 yote mawili. Wimbi la 4 lisiingie katika eneo la bei la wimbi la 1. Mengine yote, pamoja na uwiano maarufu wa Fibonachi, ni miongozo, na mwongozo usipofuatwa hesabu haifi.

Sasa tuhesabu, kwa bei zilizokadiriwa kwa sababu kila soko lina tarakimu zake. Mwezi Desemba 2018 bitkoini ilikuwa chini, karibu dola 3,200. Ilipanda hadi 13,900 mwezi Juni 2019, ikaporomoka hadi takriban 3,850 mwezi Machi 2020, ikapaa hadi 64,800 mwezi Aprili 2021, ikashuka hadi karibu 29,000 katikati ya mwaka huo, kisha ikafika 69,000 mwezi Novemba.

Hesabu ya kwanza inasema kwamba hayo ni mawimbi matano yaliyopangwa vizuri, na kwamba mnamo Novemba tulikuwa ndani ya wimbi la 5. Dola 3,850 ziko juu ya 3,200, kwa hiyo wimbi la 2 limetii. Wimbi la 3 ndilo refu kuliko yote. Wimbi la 4 liliishia 29,000, mbali juu ya 13,900. Aliyeamini hesabu hii alikuwa na sababu ya kungoja bei za juu zaidi.

Hesabu ya pili inaanza palepale lakini inaona mawimbi matano yakimalizika Aprili, kwa kuwa upandaji kutoka 3,850 unaweza wenyewe kugawanywa katika wimbi la 3, la 4 na la 5, na hilo la 5 likachukuliwa kuwa ndiyo tamati ya safari nzima. Kuanguka hadi 29,000 kunakuwa wimbi A, na kupanda hadi 69,000 kunakuwa wimbi B. Msomaji atauliza inawezekanaje wimbi la masahihisho lipite kilele kilichotangulia. Mbinu inaruhusu: umbo hilo ni masahihisho bapa yaliyopanuka, ambamo B hupita mwanzo wa A, kisha C hushuka chini ya mwisho wa A. Aliyeamini hesabu hii alikuwa na sababu ya kuuza.

Kwa hiyo siku ileile, kwa kanuni zilezile, mmoja aliambiwa anunue na mwingine aliambiwa auze.

Mtetezi wa mbinu hujibu kwamba soko lenyewe huamua baadaye ni hesabu ipi ilikuwa sahihi. Tazama basi kilichotokea. Bei ilishuka hadi karibu dola 15,500 mwezi Novemba 2022. Wa hesabu ya pili alifurahi, kwa kuwa C ilishuka chini ya A. Wa hesabu ya kwanza hakulazimika kukiri lolote, kwa maana aliweza kusema wimbi la 5 lilimalizika 69,000 na masahihisho yakafuata. Kisha ikapatikana hesabu ya tatu: mteremko wote tangu Aprili 2021, pamoja na kile kilele cha Novemba kilicho ndani yake, ni wimbi la 4 moja lenye umbo bapa lililopanuka, na wimbi la 5 linaanzia 15,500. Kanuni inakubali, kwa sababu 15,500 bado iko juu ya 13,900.

Hapa ndipo ninaposhikilia shaka yangu kwa nguvu zote. Bei ambayo ingeibatilisha hesabu hiyo ilikuwa dola 13,900, na aliyenunua kwa 69,000 angekuwa amepoteza takriban asilimia 80 ya fedha zake kabla kanuni haijamwambia kwamba amekosea. Hata hapo angeweza kutafuta umbo la kabari, ambalo wimbi lake la 4 linaruhusiwa kuingia katika eneo la wimbi la 1, au angeyashusha mawimbi yake yote daraja moja na kuyaita sehemu ya wimbi kubwa zaidi.

Shabaha za bei nazo hutegemea chaguo ambalo wahesabu wengi hawalitaji. Mwongozo mmoja husema wimbi la 5 mara nyingi hulingana na la 1. Ukipima kwa tofauti ya dola, wimbi la 1 lina urefu wa 10,700, na ukiongeza kiasi hicho juu ya 29,000 unapata 39,700. Ukipima kwa mizani ya logi, ambayo hulinganisha mara ngapi bei imeongezeka, wimbi la 1 lilikuwa mara 4.34 hivi, na shabaha inakuwa karibu 126,000. Mimi huona mizani ya logi ndiyo inayofaa kwa mali inayopanda mara nyingi namna hii, lakini pengo kati ya majibu mawili ya mwongozo mmoja ni zaidi ya mara tatu.

Kripto inaongeza ugumu mwingine, yaani kuchagua chati. Tarehe 21 Oktoba 2021 bei ya bitkoini katika soko la Binance.US ilianguka kwa muda mfupi hadi karibu dola 8,200, huku masoko mengine yakiwa karibu na 65,000. Katika chati hiyo, anayehesabu kwa ncha za mishumaa, yaani bei ya juu na ya chini kabisa ya kila kipindi, anakuta bei imeingia ndani kabisa ya eneo la wimbi la 1. Kuliacha tukio hilo ni uamuzi wa busara, ila ni uamuzi wa mhesabu, si wa kanuni.

Anayeniletea hesabu ninamwomba kwanza aandike, kabla bei haijasogea, chati na mizani aliyotumia, shabaha, tarehe ya mwisho, na bei moja ambayo ikiguswa hesabu inafutwa bila kupewa jina jipya. Kisha ninachukua mabadiliko ya bei ya kila siku ya logi, ninayachanganya ovyo, na kuyaunganisha upya. Chati inayopatikana huanza na kuishia kwenye bei zilezile, lakini mpangilio wa siku umeharibiwa, na saikolojia ya umati inayodaiwa kuyaumba mawimbi haimo tena. Ninaichanganya na chati halisi bila majina wala tarehe, na kumpa yeye pamoja na mhesabu mwenzake, kila mmoja peke yake. Ikiwa hawawezi kuitambua chati halisi, au wakiweka namba tofauti juu ya vilele vilevile, sina msingi wa kuiwekea fedha hesabu yoyote kati ya hizo.