Jinsi ya kukokotoa uwiano wa utegemezi kutoka kwenye jedwali la umri

Uwiano wa utegemezi unaonyesha ni watu wangapi walio katika umri wa utoto au uzee kwa kila watu 100 walio katika umri wa kufanya kazi. Kwa desturi ya takwimu za kimataifa, umri wa kufanya kazi huanza miaka 15 na kuishia miaka 64, watoto ni wale wa miaka 0 hadi 14, na wazee ni wenye miaka 65 na kuendelea. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012, watoto walikuwa asilimia 43.9 ya wakazi wote wa Tanzania, watu wa miaka 15 hadi 64 asilimia 52.2, na wazee asilimia 3.9. Ukijumlisha watoto na wazee unapata 47.8, na ukigawanya kwa 52.2 kisha ukazidisha kwa 100 unapata takriban 92. Hesabu yenyewe ni fupi. Makosa tunayokutana nayo mara kwa mara katika taarifa za halmashauri na katika kazi za wanafunzi hutokea kabla ya kugawanya, pale mtu anapochagua namba za kuingiza.

Tuchukue jedwali la wilaya ya kubuni, lililotungwa kwa ajili ya zoezi hili tu. Jedwali la kawaida la sensa huwa na makundi ya miaka mitano mitano, lakini hapa makundi ya kati, kuanzia 15–19 hadi 55–59, yamejumlishwa ili kuokoa nafasi.

| Umri | Idadi ya watu |
|---|---|
| 0–4 | 31,200 |
| 5–9 | 28,900 |
| 10–14 | 25,700 |
| 15–59 | 104,400 |
| 60–64 | 3,800 |
| 65+ | 7,900 |
| Haukutajwa | 1,600 |
| Jumla | 203,500 |

Makundi matatu ya kwanza yanatoa watoto 85,800. Kundi la 15–59 likiunganishwa na la 60–64 linatoa watu 108,200 wa umri wa kufanya kazi. Wazee ni 7,900, kwa hiyo wategemezi wote ni 93,700.

```
Uwiano wa utegemezi = (watoto + wazee) / (watu wa miaka 15–64) × 100
                    = 93,700 / 108,200 × 100
                    = 86.6
```

Ni vyema kukokotoa pia sehemu zake mbili, kila moja peke yake. Utegemezi wa watoto ni 85,800 kugawanya kwa 108,200, yaani 79.3, na ule wa wazee ni 7.3. Kwa kuwa asili ni ile ile katika hesabu zote mbili, sehemu hizo zikijumlishwa lazima zirudishe 86.6, zisipofanya hivyo, ukiondoa tofauti ndogo ya kukadiria desimali, kuna kundi limehesabiwa mara mbili au limesahauliwa. Mgawanyo huu ndio unaolipa jibu maana. Japani, ambako zaidi ya robo ya watu wana miaka 65 au zaidi, nayo ina uwiano wa juu, lakini mzigo wake mkubwa ni pensheni na matunzo ya wazee, ilhali katika wilaya yetu ni madarasa, chanjo na kliniki za watoto. Mpangaji wa bajeti anayepewa jumla peke yake hawezi kuiona tofauti hiyo.

Sasa tutazame mstari wa watu ambao umri wao haukutajwa. Wengi hupata watu wa umri wa kufanya kazi kwa njia ya mkato: wanachukua jumla ya wakazi, wanaondoa watoto na wazee, na kinachobaki wanakiita nguvu kazi. Katika jedwali hili, 203,500 ukiondoa 93,700 inabaki 109,800, na uwiano unashuka hadi 85.3. Watu 1,600 wasiojulikana umri wameingizwa kimyakimya katika kundi la kati, ingawa baadhi yao huenda ni watoto wachanga au vikongwe. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: jumlisha makundi ya kati moja kwa moja na ulinganishe na ulichokipata kwa kutoa. Njia salama ni kuwaacha nje ya hesabu. Hata ukiamua kuwagawa katika makundi yote kwa kufuata mgao wa wale wanaojulikana, uwiano utabaki 86.6, kwa sababu kiasi na asili vitakua kwa kasi moja.

Kosa la pili ni kugawanya kwa jumla ya watu wote. Wategemezi 93,700 ni asilimia 46.4 ya watu 201,900 wanaojulikana umri, na namba hiyo ni sahihi kama asilimia, ila si uwiano wa utegemezi. Anayesoma taarifa na kukuta uwiano wa 46 katika wilaya yenye watoto wengi ana haki ya kushuku. Uwiano wa 100 maana yake ni kwamba wategemezi ni nusu ya wakazi wote, wala si kwamba kila mkazi ni mtegemezi.

Mpaka wa uzee unahitaji uangalifu zaidi, hasa kwetu. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na hiyo ndiyo inayoeleweka zaidi mitaani kuliko 65. Tukiutumia mpaka huo katika jedwali letu, watu 3,800 wa miaka 60–64 wanahama: wanaongezeka kwenye kiasi na wanapungua kwenye asili kwa wakati mmoja. Wategemezi wanakuwa 97,500, watu wa umri wa kufanya kazi 104,400, na uwiano unapanda hadi 93.4. Karibu pointi saba zimeongezeka bila mtoto kuzaliwa wala mtu kuhamia. Mipaka yote miwili inakubalika, lakini kulinganisha mwaka uliokokotolewa kwa mpaka wa 60 na mwaka uliokokotolewa kwa 65 ni kujidanganya, na kwa hiyo mipaka ya umri iandikwe katika kichwa cha jedwali kila mara. Isitoshe, watu wasio na cheti cha kuzaliwa hupenda kutaja umri unaoishia na 0 au 5, hivyo baadhi ya wenye miaka 63 au 64 huandikwa 65. Ukiwa na jedwali la mwaka mmoja mmoja, utaona 60 na 65 zimechomoza juu ya jirani zake.

Jambo jingine ni wastani. Tuseme kata ya kijijini ina wategemezi 20,000 na watu 20,000 wa umri wa kufanya kazi, na kata ya mjini ina wategemezi 40,000 na watu 80,000 wa umri huo. Uwiano wao ni 100 na 50, lakini uwiano wa kata zote mbili kwa pamoja si 75. Ni 60,000 kugawanya kwa 100,000, yaani 60. Idadi hujumlishwa kwanza, ndipo ugawanye.

Mfano huo unagusa pia mpaka wa kile ambacho kipimo hiki kinaweza kusema. Kinahesabu umri, hakihesabu ajira wala kipato: mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 22 yumo katika umri wa kufanya kazi, na bibi wa miaka 70 anayelima na kulea wajukuu wanne yumo katika utegemezi. Mji unaopokea vijana wengi kutoka vijijini huonekana una utegemezi mdogo, ilhali wengi wa vijana hao hutuma fedha kwa watoto na wazazi waliohesabiwa katika wilaya nyingine.